Mia nne ya kukodi au mia tano na hamsini ya haiapachesi: hesabu ya piki ya boda Nairobi

Katika steji yoyote ya Nairobi, iwe Kawangware, Githurai au Pipeline, swali la piki ya kukodi na piki ya haiapachesi huulizwa kwa namna moja: wewe unatoa ngapi kwa siku? Mmoja anasema mia nne, anampelekea mwenye piki kila jioni. Mwingine anasema mia tano na hamsini, lakini mwishowe piki itakuwa yake. Hapo mjadala hufungwa, kwa sababu mia na hamsini ya ziada inaonekana ni bei ndogo sana ya kuwa na mali yako.

Hesabu hiyo imekosewa. Mia nne na mia tano na hamsini hazilipii kitu kimoja. Ya kwanza inalipia matumizi ya piki pamoja na bima, tairi na injini ambazo ni mzigo wa mtu mwingine. Ya pili inalipia deni tu, na mzigo wote wa piki unabaki kwako. Ili ujue ipi ni ghali, lazima uhesabu kila shilingi itakayotoka mfukoni kwa muda mrefu kuliko deni lenyewe, kisha uulize ni nani atakayelia siku piki ikiibwa.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bei zake ni za kielelezo, nawe badilisha uweke za kwenye karatasi uliyopewa. Piki mpya ya cc 150 inauzwa 185,000 taslimu. Dereva ana 35,000 za depoziti. Mkopeshaji anaongeza 17,000 za bima na traka kwa muda wote wa mkataba, kwa hiyo deni halisi linalofadhiliwa ni 167,000. Muda ni miezi 18, yaani wiki 78, na riba inatajwa kuwa "asilimia 3 tu kwa mwezi".

Hiyo "tatu tu" ndiyo ya kuangalia kwanza. Ni riba isiyopungua: inapigwa juu ya 167,000 zote kila mwezi, hata mwezi wa 17 ambapo deni lililobaki ni dogo sana. Asilimia 3 mara 18 ni asilimia 54, karibu 90,000. Ukijumlisha na deni na kugawa kwa wiki 78 unapata takriban 3,300 kwa wiki. Kwa kuwa pesa unazirudisha kila wiki, kwa wastani umekaa na karibu nusu tu ya mkopo mkononi, huku ukilipia riba ya mkopo mzima. Ukiipima kwa riba inayopungua, kama ile ambayo benki au Sacco huandika, mkopo huu unakugharimu karibu asilimia 62 kwa mwaka. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: riba isiyopungua ya mwaka, ambayo hapa ni 36, izidishe kwa kama 1.7, na utakuwa karibu sana na ukweli kwa mikopo ya urefu huu.

Kwa hiyo piki ya 185,000 utailipia 35,000 za mwanzo na 257,400 za wiki, jumla 292,400. Mkataba ukisema 470 kwa siku, hizo ni kwa siku zote saba za wiki. Dereva anayepumzika Jumapili anatakiwa kutoa 550 katika kila siku anayofanya kazi, na ndiyo maana nimeanza na hiyo namba.

Sasa mwenye kukodi. Anatoa 400 kwa siku sita, yaani 2,400 kwa wiki. Kwa wiki 78 hizo ni 187,200. Katika mapatano ya kawaida mwenye piki analipa bima, tairi, cheni na sproketi, klachi pleti na chochote cha ndani ya injini. Dereva anaweka petroli, anabadilisha oili, anaziba pancha, ananunua balbu na breki shuu. Tuseme hizo ndogo zinakula 1,200 kwa mwezi. Dereva wa haiapachesi analipa ndogo na kubwa zote, na kwa piki inayopiga kama kilomita 3,000 kwa mwezi, 3,000 kwa mwezi ni makadirio ya mtu anayeitunza bila kuibembeleza.

Baada ya miezi 18 mambo yanasimama hivi. Wa haiapachesi ametoa 346,400, pamoja na matengenezo. Wa kukodi ametoa 208,800 na hana kitu. Lakini wa kwanza ana piki, na piki iliyokimbia kilomita 54,000 za abiria inaweza kuuzwa, tuseme, 85,000. Ukiitoa hiyo, bado ametumia 52,600 zaidi ya mwenzake. Yaani siku ya kumaliza deni, siku ile ambayo watu hununua soda stejini, aliyekodi ndiye ambaye amepata usafiri wa kazi kwa bei nafuu zaidi.

Hapa wengi hushangaa, na wengine hukasirika, lakini ndilo jambo muhimu kuliko yote katika suala hili. Faida ya haiapachesi haiko ndani ya miezi ya kulipa. Iko katika miezi inayofuata, wakati piki inafanya kazi na hakuna anayekudai. Kuanzia mwezi wa 19, mwenye piki yake analipa matengenezo, ambayo sasa yamepanda hadi tuseme 5,000, na bima na traka kama 700 kwa mwezi. Wa kukodi anaendelea kutoa 11,600, ukichanganya kodi na matengenezo yake madogo. Tofauti ni 5,900 kila mwezi. Ukifikisha miezi 36 na piki ikawa bado inauzika kwa 45,000, wa haiapachesi ametumia 404,000 na wa kukodi 417,600. Imechukua karibu miaka mitatu ndipo umiliki ukapita kidogo. Kila mwezi wa ziada baada ya hapo ni faida halisi, alimradi piki iwe hai.

Kwa hiyo swali la gharama linageuka kuwa swali la injini: je, piki yako itafika mwaka wa tatu na wa nne ikiwa na nguvu? Na jibu la hilo huandikwa katika miezi 18 ya kwanza, wakati ule ule ambao deni linambana dereva zaidi. Wiki ikiwa mbaya, kitu cha kwanza kuahirishwa ni oili. Oili iliyotakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 2,000 inabebwa hadi 4,000, na injini inayopozwa na hewa katika foleni ya Jogoo Road haisamehi hilo. Pete za pistoni zinalika, oili inaanza kupanda na kuungua. Utaijua kwa moshi wa buluu unapoongeza gesi, na kwa oili kupungua bila kuvuja popote. Cheni nayo ikiachwa legevu inakula sproketi. Ishike katikati kwa chini uisukume juu na chini: mchezo wa kama sentimita 2 na nusu hadi 3 unafaa kwa piki nyingi za kazi, na kitabu cha piki yako kitakupa kipimo kamili. Meno ya sproketi yakianza kuinama upande mmoja kama ndoano, kubadilisha cheni peke yake ni kutupa pesa, kwa sababu meno mabovu yataimaliza mpya ndani ya muda mfupi. Nunua seti nzima Kirinyaga Road au Grogan, na uifunge yote pamoja.

Ambaye amelipa 292,400 kisha akaua injini mwezi wa 20 kwa kubana oili ya mia chache, huyo ndiye aliyepata hasara kubwa kuliko wote. Kama unajua kwamba malipo ya wiki hayatakuachia pesa ya oili, basi hesabu ya haiapachesi imekwisha kukukataa kabla hujasaini.

Gharama ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni siku ambazo piki haifanyi kazi. Dereva wa kukodi, piki ikilala gereji, kwa kawaida hatoi kodi. Haingizi kitu, lakini pia hadaiwi. Wa haiapachesi, piki ikilala gereji siku 10 kwa sababu ya injini au kwa sababu ya ajali, 4,700 zinaendelea kujikusanya, pamoja na adhabu ya kuchelewa kama mkataba unayo. Mvua za Aprili zikishika, au mji ukifungwa kwa maandamano, ni vivyo hivyo. Wakopeshaji wengi hufunga traka yenye uwezo wa kuzima piki kutoka mbali. Siku ukichelewa, asubuhi unapiga stata na haiwaki. Hapo unakosa pesa ya kulipia kwa sababu hukulipa, na duara hilo hufungika haraka sana. Piki ikishachukuliwa na kupelekwa yadi, kuitoa mara nyingi kunahitaji malimbikizo yote, gharama ya waliokuja kuichukua, na ada ya kila siku ya maegesho.

Kinga ya hilo ni pesa ya akiba ambayo haiguswi: malipo ya wiki nne, yaani kama 13,200 katika mfano wetu, yakiwa kando kabla ya kuchukua piki. Mtu mwenye 35,000 akizitoa zote depoziti, ameingia barabarani bila breki. Ni heri angojee afikishe 48,200.

Kisha kuna wizi, na hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo, kwa sababu mistari miwili ya mkataba inaweza kumtofautisha mtu anayerudishiwa pesa na mtu anayebaki na deni la piki ambayo haipo.

Tuseme piki imeibwa wiki ya 28, karibu mwezi wa saba. Dereva amekwisha kutoa 35,000 na 92,400, jumla 127,400. Ikiwa bima iliyowekwa ni ile ya lazima tu, inayomlinda abiria na mtu wa tatu, hakuna atakayelipia piki. Dereva atatakiwa kuendelea kulipa wiki 50 zilizobaki, 165,000, akiwa anatembea kwa miguu. Ndiyo maana ni kosa kubwa kusikia "bima iko ndani" na kuridhika. Uliza ni bima gani, na uombe kuona cheti chenyewe.

Ikiwa ni bima kamili, kampuni itathamini piki kama ilivyokuwa siku ya kuibwa, siyo bei uliyonunulia. Tuseme wamesema 160,000, na sehemu ambayo mwenye bima lazima aibebe mwenyewe ni asilimia 10. Zinabaki 144,000, na mlipwaji wa kwanza ni mkopeshaji. Sasa angalia. Mkopeshaji akihesabu kwa riba inayopungua, deni lililobaki wiki ya 28 ni kama 123,800, kwa sababu riba ya miezi ambayo haijafika haidaiwi. Dereva anapata kama 20,000 mkononi. Akihesabu kwa malipo yote yaliyobaki, anadai 165,000, na dereva bado ana deni la 21,000. Piki ni ile ile, bima ile ile na mwizi yule yule, ila mwishowe kuna tofauti ya 41,000. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize ofisa swali hili na umwombe akuandikie jibu: nikilipa deni lote wiki ya 28, nitatoa ngapi? Akikupa 165,000, fahamu kwamba hakuna faida ya kumaliza mapema, na kwamba ikitokea wizi hasara itakuangukia wewe.

Bima kamili nayo inaweza kukataa kulipa. Mara nyingi sababu ni tatu. Cheti kimeandikwa matumizi ya binafsi huku piki ikibeba abiria wa kulipa. Aliyekuwa akiendesha hana leseni ya daraja la piki za abiria, labda ni skwodi, dereva wa kushikia kwa muda, aliyepewa Jumamosi jioni. Au traka ilikuwa imekufa kitambo na hakuna aliyetoa taarifa. Zote tatu ziko mikononi mwa dereva, na zote zinakaguliwa kabla ya wizi. Siku ya tukio lenyewe, piga ripoti polisi mara moja, chukua namba ya OB, halafu ufuatilie abstrakti ya polisi. Bila hiyo faili la madai halifunguliwi.

Dereva wa kukodi, piki ikiibwa, amepoteza kazi yake lakini hajapoteza mtaji. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini asijidanganye kwamba yuko salama kabisa. Mwenye piki anaweza kudai kwamba dereva alihusika, na pasipo maandishi ni neno la mmoja dhidi ya la mwingine. Karatasi moja inatosha kuwalinda wote wawili: namba ya usajili, usomaji wa kilomita siku ya kukabidhiwa, picha za piki pande zote, nani analipa nini kikiharibika, nani anabeba faini, piki inalazwa wapi usiku, na notisi ya siku ngapi kabla ya kuirudisha au kuichukua. Hilo la mwisho husahaulika sana. Hatari kubwa ya kukodi ni kuamka asubuhi ukaambiwa piki imepewa shemeji.

Umiliki nao una maana yake katika karatasi, siyo katika mdomo. Kwenye haiapachesi, wewe ni mkodishwaji mwenye haki ya kununua. Mwenye mali ni mkopeshaji hadi shilingi ya mwisho. Sheria ya Haiapachesi ya Kenya, sura ya 507, inampa mkodishwaji kinga moja yenye uzito: akishalipa theluthi mbili ya bei yote ya haiapachesi, mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Katika mfano wetu bei hiyo ni 292,400, na theluthi mbili ni karibu 195,000. Depoziti inahesabiwa ndani yake. Kwa hiyo wiki ya 49, karibu mwezi wa 11, unavuka mstari huo. Weka risiti zote za M-Pesa na uandike tarehe hiyo ukutani.

Lakini mikataba mingi ya piki leo haiitwi haiapachesi hata kama wote stejini wanaiita hivyo. Imeandikwa kama mkopo, na piki imewekwa dhamana chini ya Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017. Huko mkopeshaji anafuata utaratibu mwingine wa notisi na wa kuchukua dhamana, na ile kinga ya theluthi mbili haikufuati. Soma kichwa cha mkataba na aya za kwanza. Ukiona maneno ya mkopo na dhamana badala ya kukodishwa na haki ya kununua, jua uko upande huo, na usimtegemee mtu atakayekuambia "ukishalipa nyingi hawawezi kukuguza".

Kuna namna ya tatu ambayo imeenea na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwenye piki anamwambia dereva: niletee mia tano kila siku kwa miaka miwili, halafu piki ni yako. Hakuna karatasi. Logbuku iko kwa jina la mwenye piki, na labda imewekwa dhamana mahali pengine. Dereva anabeba matengenezo yote kama mnunuzi, lakini ana ulinzi wa mkodishwaji wa siku moja. Mwenye piki akifariki, akiiuza, au akikana mwezi wa 22, dereva hana la kushika. Kama mtu anakupa mapatano hayo na ni mwaminifu, hatakataa kuyaandika mbele ya wakili au mashahidi wawili, pamoja na jedwali la malipo, na hatakataa nakala ya utafutaji wa rekodi ya piki hiyo NTSA kupitia eCitizen, inayoonyesha mmiliki na kama kuna anayeidai. Akikataa, mlipe kama mkodishwaji, yaani mia nne, na umwachie tairi zake azinunue mwenyewe.

Basi mtu mwenye 35,000 afanye nini? Maoni yangu ni kwamba kwa dereva mpya, asiye na uhakika wa mapato yake ya wiki, kukodi kwa miezi sita ni uamuzi bora kuliko kukimbilia depoziti, alimradi tofauti ya pesa isiliwe. Tofauti hiyo tunaijua. Wa haiapachesi anatoa 3,300 kwa wiki, na ukiongeza matengenezo ambayo wa kukodi habebi, inafika kama 3,715. Wa kukodi akiweka kando 1,315 kila wiki kwenye Sacco, juu ya zile 35,000 alizonazo, baada ya wiki 26 ana karibu 69,000. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Mkopo wa 185,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi ya riba inayopungua, kwa miezi 24, ni kama 8,700 kwa mwezi. Hiyo ni kama 2,010 kwa wiki, chini ya kodi aliyokuwa akitoa. Riba yote ni kama 24,000 badala ya 90,000. Piki inanunuliwa taslimu, na zile 69,000 bado ni zake, ingawa zimefungwa hadi deni liishe.

Njia hii ina miiba yake. Inahitaji wadhamini, na wadhamini wa dereva wa boda kwa kawaida ni madereva wenzake. Mmoja akikimbia, wengine wanakatwa. Bima na matengenezo yote yatakuwa juu yako tangu siku ya kwanza ya kununua. Na Sacco yenyewe lazima ikaguliwe: kama inapokea amana za kutoa wakati wowote, iwe na leseni ya SASRA, msimamizi wa Sacco. Zaidi ya yote, 1,315 lazima ziende kila wiki. Anayejijua kwamba hataweka akiba bila kudaiwa, huyo haiapachesi inamfaa kwa sababu inamlazimisha, na 66,000 za riba ya ziada ndiyo ada ya kulazimishwa. Wapo wanaoilipa wakijua, na siwalaumu.

Haiapachesi inamfaa pia dereva aliyekwisha kuendesha ya kukodi mwaka mzima, anayejua kwamba hata wiki yake mbaya kabisa inabakisha 3,300 baada ya petroli na chakula, ana akiba ya wiki nne, na ana nia ya kuikalia piki hiyo miaka minne. Anayepanga kuiuza mara deni likiisha ili achukue mpya, amerudi kwenye zile 52,600 za hasara, na atazirudia kila baada ya miezi 18.

Piki za umeme zimeleta mkanganyiko mpya. Katika mpango wa kubadilisha betri, piki inaweza kuwa yako lakini betri ni ya kampuni, na kila unapobadilisha unalipa. Kwa maneno mengine umenunua fremu na mota kwa haiapachesi, na nishati umeikodi milele. Matengenezo ya injini na oili hayapo, na hiyo inapunguza mzigo wa dereva kweli kweli. Lakini mwaka wa tatu na wa nne, ile miaka ambayo faida yote ya umiliki inakaa, piki bila betri ya kampuni ile haiwezi kwenda popote. Kabla ya kulinganisha bei, uliza kama kampuni inakubali kuhudumia betri baada ya deni kuisha, kwa bei gani, na kama piki inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine akaendelea kubadilisha.

Limebaki jambo moja la mwisho wa deni. Malipo ya mwisho hayakupi piki. Yanakupa haki ya kuhamishiwa. Kwa kawaida logbuku huwa na jina la mkopeshaji, peke yake au pamoja na lako. Siku ukimaliza, omba barua ya kwamba huna deni, yenye namba ya usajili na namba ya chesi, kisha mkopeshaji aanzishe uhamisho kwenye mfumo wa NTSA nawe uukubali kwa akaunti yako ya eCitizen. Ada ya uhamisho italipwa na nani, hilo liwe limeandikwa tangu siku ya kusaini. Uliza pia kuhusu traka: nani anaitoa, na kama haitolewi, nani bado ana uwezo wa kuizima piki yako. Rudi kwenye eCitizen baada ya wiki mbili, utafute rekodi ya namba ile, na uone jina lako likiwa peke yake.